Vifurushi vya Dubai: rula nayo hupanga nauli

Anayetuma mablanketi kwa ndege kutoka Dubai kwa jamaa zake Dar es Salaam hulipia uzito ulio mkubwa kati ya miwili: wa mizani au wa ujazo. Uzito wa ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo cha boksi kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 6,000. Baadhi ya kampuni hugawanya kwa 5,000, na hapo nauli hupanda.

Chukua boksi la sentimita 60 kwa 50 kwa 40. Mizani inasoma kilo 12, lakini ujazo unatoa kilo 20. Wakala akitoza, tuseme, dola 5 kwa kilo, nauli ni dola 100, si 60. Ukigawanya kwa 5,000 inafika dola 120.

Kwa meli boksi hilo hulipiwa nafasi yake, mita za ujazo 0.12. Ndege huchukua siku, meli majuma, na safari ya meli haianzi siku uliyolipa bali baada ya kontena kujaa na kufungwa. Kabla ya kutoa fedha, uliza wakala anagawanya kwa ngapi, kontena linafungwa lini, na kama ushuru wa forodha umo katika bei.