Pikipiki ya Mkataba: Kutoka Hesabu ya Kwanza Mpaka Kadi

Kijiwe chochote cha bodaboda Tanzania hakikosi dereva anayeendesha pikipiki ya mkataba. Bosi ananunua pikipiki, dereva anampelekea hesabu kila siku, na muda ukiisha pikipiki inakuwa ya dereva. Wengi wanapatana kwa mdomo, au kwa karatasi moja iliyoandikwa mbele ya mjumbe. Mwanzoni hakuna ugomvi. Ugomvi huanza mwishoni, dereva anapodai amemaliza na bosi anapodai bado.

Chanzo mara nyingi ni mkataba unaotaja miezi bila kutaja jumla ya fedha. “Elfu kumi na mbili kwa siku, miezi kumi na minne.” Je, siku ambazo pikipiki ililala kwa fundi zimo ndani ya miezi hiyo? Jumapili je? Deni linalohesabiwa kwa miezi kila mtu analihesabu kivyake. Liandikwe kwa shilingi: jumla ni kiasi fulani, na kila kinacholipwa kinapunguza jumla hiyo.

Tuchukue mfano. Hesabu ni shilingi 12,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, Jumapili ni ya dereva. Hiyo ni 72,000 kwa wiki, na kwa wiki 60 inafika 4,320,000. Namba hiyo ndiyo ya kuandika juu kabisa ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Chini yake, kila malipo yanachukua mstari mmoja: tarehe, kiasi, yamelipwa kwa njia gani, salio, na sahihi ya aliyepokea. Salio ndiyo safu ya maana kuliko zote, kwa sababu inamwonyesha kila mmoja deni lililobaki leo bila kurudi kujumlisha kurasa za nyuma.

Wiki ya 23 ikiisha, dereva huyu alipaswa awe amelipa 1,656,000. Lakini siku tatu pikipiki ilikuwa kwa fundi, siku mbili aliumwa, na siku sita abiria walikuwa haba akapeleka 10,000 badala ya 12,000. Upungufu wa siku tano ni 60,000, na wa zile siku sita ni 12,000, jumla 72,000. Kwa hiyo amelipa 1,584,000 na amebakiza 2,736,000, ambazo ni hesabu za wiki 38. Atamaliza wiki ya 61. Amechelewa wiki moja tu. Bila daftari, bosi angekumbuka kwamba kijana “alikosa kosa sana”, na kijana angekumbuka kwamba alileta kila siku.

Daftari liwe mara mbili, moja la bosi na moja la dereva, na kila Jumamosi masalio yasomwe pamoja. Yakitofautiana kwa 12,000, tafuta siku moja ambayo haikuandikwa upande mmoja. Yakitofautiana kwa elfu mbili tatu, mtu ameandika hesabu kamili siku iliyoletwa pungufu. Kosa la wiki hii linapatikana kwa dakika chache. La miezi minane iliyopita halipatikani.

Anayelipa kwa simu anadhani ujumbe wa muamala unatosha. Simu huibiwa, ujumbe hufutika. Nakili namba ya muamala kwenye daftari, ili siku ya ubishi uombe taarifa ya miamala kwa kampuni ya simu na kuilinganisha. Bosi akisema “tuma kwa namba ya mdogo wangu”, andika jina lililotokea kwenye simu, na bosi asaini mstari huo. Vivyo hivyo kwa matengenezo: kama mlikubaliana kwamba injini ni juu ya bosi na dereva akatoa fedha zake, risiti ya spea inaingia daftarini kama malipo na salio linashuka. Ahadi ya “nitakukata mbele” isipoandikwa hupotea.

Jambo linaloumiza zaidi ni pikipiki kunyang’anywa dereva akiwa ukingoni kumaliza. Kenya ina sheria ya ununuzi wa aina hii: kwa mikataba iliyo chini yake, mnunuzi akishalipa theluthi mbili ya bei, mwenye mali hawezi kuichukua kwa nguvu, lazima aende mahakamani. Hata anayepatana kijiweni anaweza kuandika kifungu cha namna hiyo: akikosa hesabu siku ngapi ndipo pikipiki ichukuliwe, na fedha alizokwishalipa zitakuwaje.

Salio likifika sifuri, kadi bado ina jina la bosi. Bosi akifariki, warithi wataiona ni mali ya marehemu. Kama aliiweka kadi dhamana ya mkopo, mkopeshaji ataidai. Ndiyo maana dereva aombe kuiona kadi halisi kabla ya kulipa hesabu ya kwanza. Mkataba utaje pia nani atalipia gharama za kubadili umiliki TRA, maana wote wawili watahitaji TIN na hati ya mauziano iliyosainiwa. Na hesabu ya mwisho isitumwe kwa simu usiku. Ilipwe siku ambayo bosi anasaini hati ya mauziano, anaandika kwamba deni limekwisha, na kukabidhi kadi ili maombi ya kubadili jina yaanze siku hiyohiyo.