Kweli au uongo: maharage ya bweni na bei ya kukataa

Shule binafsi ya bweni inapokaa na mzabuni wa maharage, huku Muleba au Bukoba, mazungumzo huanza na soda na kuisha kwa saini. Kati ya soda na saini kuna kauli kadhaa ambazo huwa hatuzipimi.

"Mbadala wangu ni bei ya sokoni." Uongo, na huu ndio uongo wa gharama kubwa kuliko yote.

Tuseme shule ina wanafunzi 300, kila mmoja hula gramu 100 za maharage kwa siku, na kwa mwaka ni siku 250 za kupika. Hizo ni kilo 7,500, yaani magunia 75 ya kilo 100. Mzabuni anataka shilingi 2,800 kwa kilo iliyochambuliwa, alete kila mwezi, alipwe siku 30 baada ya kufikisha. Mkuu wa shule anang'aka: "Bwana, sokoni ni 2,000!" (Bei zote hapa ni za mfano, weka za kwako.)

Lakini 2,000 ni bei ya wakati wa mavuno, na maharage hayo bado yako kwa mkulima. Ongeza 180 za gari na wabebaji, na 60 za mfuko usiopitisha hewa, maana bila huo fukusi watamaliza akiba kabla ya muhula kuisha. Imekuwa 2,240. Sasa chambua: ukitoa mawe, yaliyooza na yaliyovunjika, katika kila kilo 100 ulizonunua unabaki na 94 za kupika, hivyo kilo iliyo safi imekugharimu 2,383. Kama pesa ni ya mkopo wa asilimia 1.5 kwa mwezi, na kilo moja hukaa stoo wastani wa miezi 3, bei inafika takriban 2,490. Ongeza 110 za stoo na mlinzi, ni 2,600. Mwisho, mzabuni anakupa siku 30 za kulipa, na kwa riba ileile hizo ni kama shilingi 40. Bei yako ya kukataa, ile ambayo ikivukwa ni afadhali ununue mwenyewe, ni 2,640.

Kwa hiyo 2,800 ni ghali, ila si kwa kiasi ambacho mkuu alidhani. Mtu aliyeshikilia 2,000 angefukuza hata mzabuni wa 2,500, kisha angelipa zaidi kwa mkono wake mwenyewe.

"Nikishakuwa na namba, niipeleke mezani." Uongo nusu. Mbadala mzuri utaje: kwamba stoo ipo, kwamba mfanyabiashara wa Karagwe ameshatoa bei, kwamba siku 2 za wiki jikoni panaweza kupikwa dagaa wa Bumbire au Goziba badala ya maharage. Hiyo 2,640 iache daftarini. Ukiitamka, itageuka kuwa bei ya mkataba. Anza na 2,400 na umwache yeye apande.

"Mbadala ukishapatikana, unadumu mwaka mzima." Uongo. Maharage ya vuli huku huvunwa Desemba na Januari, ya masika Juni na Julai. Mkuu anayezungumza Januari mwanzoni ana mbadala. Anayezungumza Aprili, stoo tupu, wakulima wameshauza, hana, hata kama hesabu yake imeandikwa vizuri. Wakulima wa kahawa wa Kagera wanalijua hili kwa upande wa muuzaji: butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini, hustawi kwa sababu ada na msiba havingoji msimu. Imepigwa marufuku na bado haijaisha, kwani mnunuzi wa butura hukutana na mtu asiye na pa kwenda siku hiyo. Basi kabla ya kikao jiulize: je, mbadala huu ninaweza kuutekeleza wiki hii, kwa pesa iliyopo mkononi?

"Bei ya kukataa haibadiliki." Kweli mbele ya maneno, uongo mbele ya hesabu. Mzabuni akisema "Mwalimu, tumetoka mbali, tusivunjiane heshima," namba haisogei. Akisema atakupa siku zaidi za kulipa, hiyo ni hesabu mpya, ipige upya papo hapo.

"Mkataba wa mwaka unaniondolea hofu." Si lazima. Mzabuni naye ana mbadala wake: bei ikipanda Mwanza au ng'ambo ya Mutukula, magunia yako yatachelewa kwa visingizio vya gari bovu. Dalili ni mzigo unaokuja nusu mara mbili mfululizo. Ndiyo maana kipengele cha kupandisha au kushusha bei kila miezi 3, ndani ya mipaka iliyotajwa, huokoa zaidi ya shilingi 50 ulizobana siku ya saini. Na magunia 10 ya akiba yanunuliwe Januari, mzabuni awepo au asiwepo.