Pia ya Goti Inapohama

Mara nyingi pia ya goti huhama bila mchezaji kuguswa na mtu. Mguu umekita chini, goti limepinda kidogo, mwili unageuka kufuata mpira, na pia inachomoka kuelekea upande wa nje. Mguu ukinyooshwa, hurudi yenyewe. Daktari anapomwona mgonjwa, pia iko mahali pake, na anachosikia ni kwamba goti "liliachia". Wengi hurudishwa nyumbani na dawa ya maumivu kana kwamba wameumia msuli. Lakini goti lililojaa ghafla ndani ya saa chache huwa limejaa damu, na mgonjwa wa pia iliyohama ana tabia moja: ukiisukuma pia yake upande wa nje, anaudaka mkono wako.

Goti likiwa limenyooka, pia hukaa juu ya mfereji uliopo mwishoni mwa mfupa wa paja. Hapo kinachoizuia isiende nje ni hasa ligamenti inayotoka ukingo wake wa ndani hadi upande wa ndani wa mfupa wa paja. Goti likipinda kupita nyuzi 30 hivi, pia huingia mferejini na kuta za mfupa huishika. Pia inapohama mara ya kwanza, ligamenti hiyo karibu kila mara huchanika. Hata hivyo, wengi hugeuka hivyo hivyo kila siku bila kudhurika. Mwaka 1994 Henri Dejour na wenzake wa Lyon, Ufaransa, walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa wanaohamwa na pia mara nyingi wana maumbile yao: mfereji ulio bapa, pia iliyokaa juu mno, au kinundu cha muundi, pale inaposhika kano ya pia, kilichokaa nje mno.

Tuchukue mfano wa msichana wa miaka 15, mchezaji wa netiboli, ambaye pia yake imehama kwa mara ya kwanza. Kwenye eksirei ya ubavuni, sehemu ya pia iliyofunikwa na gegedu ina urefu wa milimita 30, na kutoka ncha yake ya chini hadi kona ya juu ya mfupa wa muundi ni milimita 39. Gawanya 39 kwa 30, unapata 1.3. Juu ya 1.2 huhesabiwa kuwa pia imepanda, maana yake inachelewa kuingia mferejini. Emarai inaonyesha mfereji bapa, na umbali wa kwenda upande kati ya kina cha mfereji na kinundu cha muundi ni milimita 17. Kikomo kinachotajwa sana ni 20, kwa hiyo mtu angesema yuko salama. Tatizo ni kwamba kikomo hicho kilitokana na siti skani, na emarai kwa kawaida hutoa namba iliyo pungufu kwa milimita kadhaa. 17 yake si ya kutuliza moyo.

Kwa jumla, kama mtu mmoja kati ya watatu pia yake huhama tena. Kwa kijana mwenye mfereji bapa na pia iliyopanda, hatari hupita nusu. Hata hivyo, kama hakuna kipande cha mfupa na gegedu kilichovunjika na kubaki ndani ya goti, wapasuaji wengi bado wangempa mazoezi kwanza. Kipande kikiwepo, upasuaji haungojwi.

Mazoezi yenyewe si ya kukaa na bendeji miezi mitatu. Hilo hudhoofisha paja bure. Magongo ni ya siku za mwanzo, kisha kazi ni kuimarisha misuli ya mbele ya paja na ya nyonga, hadi aweze kuchuchumaa kwa mguu mmoja bila goti kuanguka ndani. Miezi mitatu au minne ni kawaida. Yanasaidia kweli, ila hayachimbi mfereji.

Ikihama tena, ligamenti mpya hutengenezwa kwa kano iliyochukuliwa nyuma ya paja. Kama kinundu kiko nje mno au pia imepanda sana, mpasuaji anaweza pia kukikata na kukihamisha, lakini si kabla mifupa haijamaliza kukua. Ugumu wa ligamenti yenyewe uko kwenye tundu la mfupa wa paja. Likitobolewa juu mno au mbele mno, ligamenti hukazika kila goti linapopinda na kuibana pia kwenye mfupa. Mgonjwa aliyefanya mazoezi yote na bado goti halipindi kupita nyuzi 90, tena linamuuma upande wa ndani, apigwe picha na tundu hilo likaguliwe kabla ya kuongezewa mazoezi.