Kuhamia kwenye uchambuzi wa data: vyeti vingi au masta moja? (Sehemu ya pili)

Juma lililopita tuliishia kwenye swali la mwalimu, mhasibu au muuguzi wa Bukavu anayetaka kuingia kwenye uchambuzi wa data: arundike vyeti vifupi vitatu au vinne, au atoe miaka miwili kwa ajili ya masta? Kwa maoni yangu, kabla ya kulinganisha ada atazame kwanza lisansi aliyonayo. Aliyesoma kwa mfumo wa zamani alifanya gradua miaka mitatu, kisha lisansi miwili, jumla mitano. Mfumo wa LMD, ulioenezwa nchini kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, unaitoa lisansi kwa miaka mitatu, na masta ndiyo inayoongeza ile miwili. Basi shirika likitangaza kazi na kudai miaka mitano baada ya diploma ya serikali, yule wa zamani ameshaufikia mlango, na masta haimpi kitu kipya hapo. Yule wa LMD anaweza kuwa na vyeti kumi, na faili lake likawekwa kando bila kusomwa.

Lakini kuvuka mlango ni nusu tu ya safari, kwa maana mashirika mengi humpa mwombaji jaribio la vitendo. Tuchukue jaribio la kawaida: faili la utafiti wa kaya uliofanywa kwa KoboToolbox. Kaya ziko kwenye karatasi moja na wanakaya kwenye nyingine, na mwombaji huziunganisha kwa kulinganisha `_index` ya kaya na `_parent_index` ya mwanakaya. Akihesabu mistari ya jedwali hilo kana kwamba kila mmoja ni kaya, kaya yenye watu tisa itahesabiwa mara tisa, na jumla ya kaya itavimba. Kosa hili linajulikana upesi: idadi ya kaya haifanani tena na ya mwanzo. Cheti kizuri humfundisha mtu kuunganisha majedwali namna hiyo, tena vizuri kuliko madarasa mengi ya chuo.

Sasa swali la pili la jaribio hilohilo: ni kaya ngapi katika kila mia zinazonunua maji? Tuseme walihojiwa 200 kwenye eneo lenye kaya 10,000, na wengine 200 kwenye eneo lenye kaya 40,000. Katika eneo la kwanza wanunuzi ni asilimia 30, katika la pili ni 60. Programu yoyote itatoa wastani wa asilimia 45 bila kulalamika. Jibu sahihi ni 54, kwa sababu eneo la pili lina kaya mara nne ya la kwanza, na kila aliyehojiwa huko anasimama badala ya kaya 200, si 50. Hakuna mstari mwekundu wala onyo. Anayelijua kosa hili ni aliyefundishwa kuuliza sampuli ilichaguliwaje, na vyeti vya mwanzo haviingii kwa kina huko.

Udhaifu wa kurundika vyeti uko hapo. Cheti cha Google cha uchambuzi wa data, kilichoanza 2021, kinafundisha lahajedwali, SQL, kusafisha data na kuchora chati. Cha IBM nacho kinafundisha lahajedwali, SQL na chati, na kinaongeza Python. Anayechukua vyote viwili analipa sehemu kubwa ya somo lilelile mara mbili, na swali la maji bado linamshinda.

Wapo watakaosema masta zetu nazo ni nadharia ya ubaoni. Kweli, zingine ni hivyo, na namna ya kuzitambua ni kuuliza kama mwanafunzi anashika data ghafi kabla ya kuandika tasnifu. Wengine watasema uzito wa sampuli unasomeka kitabuni. Unasomeka, ila kitabu hakikuulizi kwa nini ulihoji 200 na si 400. Jopo la tasnifu huuliza. Hoja nzito zaidi ni ya hali ilivyo: tangu M23 kuingia mjini Februari 2025 na benki kufunga matawi yake, kupanga ada ya miaka miwili ni kama kamari. Cheti cha kulipia kila mwezi unaweza kukisimamisha. Mwaka wa masta ukikatika, unaweza kupotea.

Kwa hiyo mwenye lisansi ya zamani achukue cheti kimoja cha zana, kisha somo moja la sampuli na takwimu za utafiti, asirundike. Wa LMD afanye masta licha ya kamari hiyo, kwa kuwa bila masta faili lake halisomwi, na achukue cheti kimoja ndani yake. Yeyote kati yao anayetaka mtihani wa Microsoft wa Power BI, PL-300, unaohitaji alama 700 kati ya 1,000 ili kufaulu, ausogeze hadi karibu na kuomba kazi, maana cheti chake hudumu mwaka mmoja tu, na kukihuisha, ingawa ni bure, hufanywa mtandaoni kabla hakijaisha muda.