Kifuko cha Milimita 17 Kwenye Kongosho

Chukulia mfano wa mama mwenye umri wa miaka 61 anayefika hospitali usiku akiugulia ubavu. Daktari anahisi ni jiwe la figo, anamwandikia kipimo cha CT, na kweli jiwe linaonekana. Lakini chini ya ripoti kuna sentensi ambayo hakuitarajia: katikati ya kongosho kuna kifuko cha majimaji chenye milimita 17. Jiwe linatoka baada ya siku chache, ila neno "kongosho" linabaki kumkosesha usingizi.

Yeye si wa ajabu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, watu wa eneo la Pomerania, Ujerumani, walipimwa kwa MRI, na karibu nusu yao walikutwa na vifuko kwenye kongosho. Vingi vilikuwa vidogo mno. Idadi ya wanaopata saratani ya kongosho ni ndogo sana ukilinganisha na hiyo, kwa hiyo vifuko vingi havigeuki kuwa saratani. Kazi ni kuvitambua vile vichache vinavyoweza kugeuka.

Hatua ya kwanza ni kujua aina yake. Kifuko kilichobaki baada ya kongosho kuvimba vibaya si chanzo cha saratani. Kinachofuatiliwa zaidi ni kile kinachotokana na vijitawi vya mfereji wa kongosho na kutengeneza ute mzito. MRI huonyesha vizuri kama kifuko kimeungana na mfereji, na cha mama huyu kimeungana.

Sasa mtaalamu wa radiolojia anatafuta dalili za hatari. Mwongozo wa kimataifa wa Kyoto, uliochapishwa mwaka 2024, unazigawa katika ngazi mbili. Ngazi ya juu humfanya daktari afikirie upasuaji kwa mgonjwa anayeuweza: macho kuwa ya manjano kwa sababu kifuko kwenye kichwa cha kongosho kimeziba njia ya nyongo, mfereji mkuu kutanuka hadi milimita 10 au zaidi, au kinundu cha milimita 5 au zaidi ndani ya kifuko. Ngazi ya pili hudai uchunguzi wa karibu zaidi. Humo mna kifuko cha sentimita 3 au zaidi, mfereji wa milimita 5 hadi chini ya 10, kifuko kinachokua kwa milimita 2.5 au zaidi kwa mwaka, na kisukari kilichoanza au kuharibika ghafla.

Kinundu ndicho kinachosumbua zaidi, kwa sababu tonge la ute hufanana nacho. Hapo husaidia dawa inayochomwa kwenye mshipa wakati wa kupiga picha. Kinundu halisi ni nyama yenye mishipa ya damu, hivyo huipokea dawa na kung'aa. Ute hauna damu, hivyo haung'ai.

Mfereji wa mama huyu una milimita 3 na hakuna kinundu. Kwa kuwa kifuko kiko chini ya milimita 20, mwongozo unataka picha baada ya miezi 6, na kisipobadilika, kila baada ya miezi 18. Kingekuwa kati ya milimita 20 na 30, angepimwa mara mbili kwa miezi sita sita, kisha kila mwaka. Kikifika milimita 30, ni kila miezi 6. Muda hufupishwa kadiri hatari inavyopanda.

Baada ya miezi 6 bado ni milimita 17. Miezi 18 baadaye ni 19. Ongezeko la milimita 2 kwa mwaka mmoja na nusu halifikii kiwango cha wasiwasi, na tena linaweza kuwa tofauti ya kupima tu, hasa picha moja ikiwa ya CT na nyingine ya MRI, au kipimo kikichukuliwa upande mwingine wa kifuko. Lakini kingefika milimita 22, ukuaji ungezidi milimita 3 kwa mwaka. Hapo angepelekwa kwenye ultrasaundi inayofanywa kwa mpira unaopita mdomoni hadi tumboni, ambayo huona kwa karibu na inaweza kuvuta majimaji ya kupima.

Kisipobadilika kwa miaka 5 kikiwa bado chini ya milimita 20, mwongozo unaruhusu kusimamisha vipimo, ingawa unaacha pia nafasi ya kuendelea. Sababu ni kwamba mwenye kifuko cha aina hii anaweza kupata saratani sehemu nyingine ya kongosho, mbali na kifuko chenyewe. Naye asiyeweza kustahimili upasuaji kwa umri au maradhi hana sababu ya kufuatiliwa.

Uamuzi wote huu unategemea kulinganisha. Uliyekutwa na kifuko, omba CD ya picha ya kwanza pamoja na ripoti yake, uvitunze, na uende navyo kila unapopimwa. Macho yakiwa ya manjano, au tumbo la juu likiuma sana hadi mgongoni, usingoje tarehe ya kipimo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.