Ukuta na Ukungu: Kuhami Nyumba za Majengo kwa Ndani au kwa Nje

Neno "ukungu" lina maana mbili ambazo wakazi wa miteremko ya Mlima Kenya hukutana nazo katika msimu mmoja. Mwezi wa Julai ukungu hufunika vilima vya Meru na Embu asubuhi. Na ndani ya nyumba, nyuma ya kabati, ukungu wa aina ya pili humea ukutani, mweusi na wenye harufu nzito. Makala haya yanaeleza uhusiano wa ukungu huo wa pili na uamuzi wa kuhami ukuta wa tofali au jiwe uliokwisha kujengwa, yaani kuubandika kitu kisichopitisha joto kwa urahisi. Swali ni moja: kihami kiwekwe upande upi?

Mfano ufaao ni nyumba ya vyumba vya kupanga katika mitaa ya Majengo: ujia katikati, vyumba vitatu kila upande, kuta za matofali ya saruji yenye unene wa sentimita 20. Mtu mmoja aliyelala hutoa mvuke wa takriban gramu 40 kwa saa. Watu wanne wakilala saa nane katika chumba kilichofungwa, hewa hupokea zaidi ya lita moja ya maji, kabla ya kuhesabu sufuria ya chai.

Tuseme usiku nje ni nyuzi 12 za selsiasi, ndani ni 20, na hewa ya ndani imebeba asilimia 70 ya mvuke inaoweza kuubeba. Hewa hiyo ikipoa hadi nyuzi 14.4, mvuke hugeuka maji. Hicho ndicho kiwango chake cha umande. Uso wa ndani wa ukuta usiohamiwa huwa na nyuzi 17 hivi. Maji hayatiririki, lakini hewa inayougusa imefikia asilimia 84 hivi, na ukungu humea vizuri kuanzia asilimia 80 hali hiyo ikidumu. Ndiyo maana ukuta unaoonekana mkavu huota weusi.

Sasa bandika polistirini ya sentimita tano kwa ndani. Uso unaoonekana chumbani hupanda hadi nyuzi 19, na mwenye nyumba hufurahi. Hata hivyo, tofali lililo nyuma ya kihami limenyimwa joto la chumba na kushuka hadi nyuzi 13, chini ya kiwango cha umande. Mvuke ukipenya kwenye viungo au tundu la soketi, hugeuka maji pale pale pasipoonekana. Mvua ikilowesha ukuta kwa nje, ukuta huo wa baridi hukauka polepole zaidi. Bandika kihami hicho hicho kwa nje, na tofali zima hubaki karibu nyuzi 19, kavu, likihifadhi joto la mchana hadi usiku. Kwa upande wa unyevu, basi, nje hushinda bila ubishi.

Ushindi huo una bei yake. Nyumba ya mita 9 kwa 8, yenye kuta za kimo cha mita 2.7, ina takriban mita 80 za mraba za kuta za nje baada ya kuondoa milango na madirisha. Zote hazina budi kufanywa pamoja: jukwaa, gundi, wavu wa nyuzi za kioo, lipu mpya, vizingiti vipana vya madirisha, na mara nyingine kurefusha paa ili maji yasiingie nyuma ya kihami. Pale Majengo nyumba zinapokaribiana, huenda kihami kikavuka mpaka wa kiwanja. Chumba kimoja cha pembeni, kwa upande mwingine, kina mita 15 za mraba tu; fundi hukimaliza bila jukwaa, na vyumba vingine hungoja fedha. Mpangaji hupoteza sentimita sita au saba kila ukuta wa nje, hasara isiyo ndogo katika chumba cha mita tatu.

Anayelazimika kuhami kwa ndani abandike kihami kwa gundi iliyoenea kote, pasibaki nafasi ya hewa nyuma, azibe kila kiungo, kisha apige lipu juu yake. Polistirini iliyo wazi karibu na jiko la makaa ni hatari: hushika moto upesi na moshi wake ni sumu.

Kabla ya yote, chanzo cha unyevu kijulikane. Kipande cha nailoni hubandikwa ukutani, kingo zote zikazibwa kwa utepe, kikaachwa siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumba, tatizo ni mvuke wa wakazi, na huenda dirisha la juu lililo wazi likatosha. Yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani, aghalabu kwa kupanda kutoka msingi usio na karatasi ya kuzuia unyevu. Ukuta wa namna hiyo usihamiwe upande wowote hadi maji yazuiwe. Na ikiwa chumba hakina dari chini ya mabati, fedha za kwanza ziende huko, kwa kuwa joto la usiku hutorokea juu kwa wingi kuliko ukutani.