P, p na ρ: Kutafsiri Ikisiri Iliyopigwa Picha Bila Kuharibu Alama Zake

Mwanafunzi wa afya anayefanya mazoezi katika zahanati ya Kisii au Nyamira hukutana na malaria mapema. Vilima vya huko viko juu, na malaria yake hupanda na kushuka kwa mvua na joto, tofauti na ile ya mwaka mzima iliyo karibu na Ziwa Victoria. Basi huambiwa asome utafiti fulani kuhusu malaria ya nyanda za juu, kisha awaeleze wahudumu wa afya ya jamii kwa Kiswahili matokeo yake. Jarida lipo maktabani lakini haliazimwi. Anapiga picha ukurasa wa ikisiri kwa simu, taa ikiwaka juu ya karatasi, na kumtumia mtu anayeweza kumsaidia kutafsiri.

Maneno ya ikisiri kama hiyo hayasumbui sana. Vimelea, hadubini, chandarua chenye dawa na kiwango cha maambukizi ni maneno yanayotumika kila siku katika vituo vya afya. Kazi inaharibika kwenye alama, kwa sababu mfasiri huzipita haraka akidhani hazihitaji kutafsiriwa. Ni kweli hazitafsiriwi. Lakini huwezi kuiacha alama ilivyo kama hujui ni alama gani, na picha ya simu huficha hilo.

Tuchukue mfano. Ikisiri ifuatayo nimeitunga kwa ajili ya makala haya na si utafiti wa mtu yeyote, ila hesabu zake zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe. Baada ya kutafsiriwa vizuri inasomeka hivi:

"Watoto 240 walipimwa damu kwa hadubini: 120 wanaolala ndani ya chandarua chenye dawa, na 120 wasiolala ndani yake. *P. falciparum* ilionekana kwa watoto 18 wa kundi la kwanza na 34 wa kundi la pili (χ² = 6.28, df = 1, p = 0.012; α = 0.05). Wastani wa vimelea kwa walioambukizwa ulikuwa 4,800/μL. Katika vijiji 50, kiwango cha maambukizi kilipungua kadiri mwinuko ulivyoongezeka (ρ = −0.41, p = 0.003)."

Tazama herufi tatu zinazokaribiana sura. P kubwa ya mlazo ni kifupi cha Plasmodium, jina la jamii ya kimelea. p ndogo ni uwezekano: kama chandarua na maambukizi havihusiani kabisa, tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi ingetokea kwa bahati mara ngapi? Ya tatu, ρ, ni herufi ya Kigiriki iitwayo ro, na hapa inapima jinsi mambo mawili yanavyokwenda pamoja, yaani mwinuko wa kijiji na maambukizi yake. Kwenye picha iliyotikisika kidogo, ρ na p hazitofautiki. Mtu akiandika p zote mbili, mabano ya mwisho yatasema "p = −0.41, p = 0.003", na mwanafunzi atabaki na p mbili zinazopingana.

Namba ndizo zinazomwokoa. Uwezekano hauwezi kuwa chini ya sifuri wala kuzidi moja. Kipimo cha uhusiano huanzia −1 hadi 1. Kwa hiyo namba hasi haiwezi kuwa ya p, lazima ni ya ρ. Na hata kama mstari ulikatika pale penye alama ya kutoa, 0.41 ikabaki peke yake, bado kuna shahidi wa pili: maneno ya sentensi. Sentensi inasema maambukizi yalipungua mwinuko ulipoongezeka. Mambo yanayokwenda kinyume huleta uhusiano hasi. Mfasiri akiona "yalipungua" kando ya 0.41 isiyo na alama ya kutoa, arudi kwenye picha na kutazama mwisho wa mstari uliotangulia, kwa kuwa mara nyingi alama hiyo hubaki hapo ikidhaniwa ni kistari cha kukatia neno.

χ² nayo huteleza namna hiyohiyo. Inasomwa kai mraba, lakini kwenye picha huonekana kama x, na ile 2 ndogo ya juu hushuka chini. "x2 = 6.28" humfanya mwanafunzi wa hisabati agawe kwa mbili na kupata x ya 3.14, namba isiyohusiana na lolote. Namna ya kuhakikisha kuwa ni kai mraba ni kuikokotoa upya, maana ikisiri imetoa kila kinachohitajika. Watoto walioambukizwa ni 52 kwa jumla. Kama chandarua hakileti tofauti, kila kundi lingetarajiwa kuwa na walioambukizwa 26 na wasioambukizwa 94. Kundi la kwanza lina walioambukizwa 18 na la pili lina 34, hivyo kila mahali tofauti na matarajio ni 8. Mraba wa 8 ni 64. Ukigawa 64 kwa 26 mara mbili, na 64 kwa 94 mara mbili, kisha ukajumlisha yote manne, unapata 6.28. Alama imethibitika bila kumtafuta mwandishi.

Katika mabano hayohayo kuna α = 0.05. Hiki ni kizingiti ambacho watafiti walikiweka kabla ya kuhesabu: p ikiwa chini yake, tofauti itahesabiwa kuwa si ya bahati tu. 0.012 iko chini ya 0.05, kwa hiyo imevuka mtihani huo. Lakini herufi α haina maana moja kila mahali. Ukurasa unaofuata wa jarida unaweza kutaja TNF-α, protini ya kinga inayopanda damuni mtu anapougua malaria, au α-thalasemia, hali ya kurithi ya chembe nyekundu za damu. Huko α ni sehemu ya jina na haina thamani yoyote ya kulinganisha na p. Kwa hiyo kabla ya kutafsiri sentensi, mfasiri aulize alama inafanya kazi gani: ni jina, ni thamani, au ni kipimo? Ikifuatwa na alama ya usawa na namba, kwa kawaida ni thamani. Ikiunganishwa na neno kwa kistari, ni jina. Ikigusana na g, L au m baada ya namba, ni kipimo.

Kipimo ndicho chenye hatari kubwa, kwa sababu kosa lake halionekani kama kosa. μ, isomwayo myu, mbele ya L inamaanisha sehemu moja ya milioni ya lita, yaani maikrolita. Ikigeuka m, inakuwa mililita, mara elfu moja zaidi. "4,800/mL" ni maandishi safi kabisa ambayo hakuna programu ya tahajia itakayoyapigia mstari mwekundu.

Aliyewahi kukaa maabara ataligundua. Vimelea huhesabiwa pamoja na chembe nyeupe za damu, na kwa kawaida huchukuliwa kwamba maikrolita moja ina chembe nyeupe 8,000. Mpimaji akihesabu vimelea 120 huku akifikia chembe nyeupe 200, anazidisha 120 kwa 8,000 na kugawa kwa 200. Anapata 4,800 kwa maikrolita. Sasa jaribu kuamini kwamba ni 4,800 kwa mililita. Hiyo ni chini ya vimelea 5 kwa maikrolita, na hadubini ya zahanati, hata mikononi mwa mpimaji mzuri, kwa kawaida huanza kuona vimelea vikifika makumi kadhaa. Utafiti hauwezi kutoa kwa hadubini wastani ambao hadubini haiuoni. Basi ile m ni μ iliyopotea.

μ hupotea pia bila picha kuwa na lawama. Katika hati za zamani za kompyuta, waandishi wengi waliandika m ya kawaida kisha wakaibadilisha fonti kuwa Symbol, ikaonekana μ; vilevile a ikaonekana α. Maandishi hayo yakinakiliwa na kubandikwa kwenye WhatsApp, fonti hubaki nyuma na m hujitokeza. Njia salama ni kuandika herufi yenyewe. Kwenye Word, andika 03BC kisha bonyeza Alt na X, utapata μ ya Kigiriki. 03C1 hutoa ρ, 03B1 hutoa α na 03C7 hutoa χ. Kwenye simu, ongeza kibodi ya Kigiriki. Ipo pia alama ya pili ya maikro, yenye namba 00B5, inayofanana na μ machoni. Zote mbili husomeka sawa, ila ukitumia moja hapa na nyingine pale, kutafuta alama hiyo ndani ya hati kunaweza kuruka baadhi.

Kwa hiyo utaratibu unaanzia kwenye alama, kabla ya maneno. Kuza picha na uorodheshe kila alama na namba yake kwa mpangilio wa ukurasa. Kwa mfano wetu orodha ni: P., χ², df, p, α, μL, ρ, p. Kando ya kila moja andika kazi yake. Kisha tafsiri maneno. Ukimaliza, pitia tafsiri na orodha mkononi: ziwe nane, kwa mpangilio uleule isipokuwa pale muundo wa sentensi ya Kiswahili ulipohamisha moja, na nukta za desimali zisigeuzwe mkato.

Jaribu kubwa la mfasiri mwenye huruma ni kufafanua ndani ya tafsiri, kwa mfano kuandika "uwezekano ni 0.012" mahali pa p. Mwanafunzi anafurahi siku hiyo, lakini akirudi kwenye jedwali la utafiti uleule anakuta p na hajui kwamba ndiyo aliyoisoma. Acha p ndani ya ikisiri, na maelezo yake yaandikwe chini, sentensi moja kwa kila alama. Atakaposimama mbele ya wahudumu wa afya hatahitaji kutamka kai wala ro. Atawaambia kwamba kati ya watoto 120 wa chandarua walioonekana na vimelea ni 18, na kati ya 120 wasiokitumia ni 34, na kwamba tofauti hiyo ni vigumu kuieleza kwa bahati peke yake. Pia awaambie kwamba hesabu hii haithibitishi kuwa chandarua ndicho sababu pekee, kwa kuwa nyumba zisizo na chandarua huenda pia ndizo zilizo karibu na vinamasi vya bondeni.

Kuna picha ambayo hakuna hesabu itakayoisaidia: κ au k katika sentensi isiyo na namba nyingine, kipeo kilichofunikwa na mwako wa taa. Hapo andika [haisomeki] mahali pa alama, na umwombe mwanafunzi apige picha upya karatasi ikiwa bapa na taa ikitoka pembeni, au anakili namba ya DOI iliyo juu au chini ya ukurasa ili ikisiri itafutwe mtandaoni. Nafasi iliyoachwa wazi humrudisha mwanafunzi maktabani, ilhali alama iliyokisiwa huingia katika ripoti yake na kutoka huko ikiwa na sura ya ukweli.